Kinasa simu: kabla hujatoa pesa, sikiliza upande wa pili

Elfu 35 zangu zilizama Darajani, na hadi leo nikipita mbele ya lile duka natazama pembeni. Nilikuwa natafuta kitu cha kurekodia mazungumzo na bibi yangu wa Wete. Miguu haimruhusu tena kupanda boti kuja Unguja, na ndiye pekee aliyebaki anayejua mikarafuu yetu ipi aliipanda nani na ipi iliwekwa rehani ikarudi. Muuzaji akanitolea kijidude chenye kinyonyeo cha mpira, cha kubandika mgongoni mwa simu. "Hiki dada kinashika simu zote." Nikalipa.

Kilichoshikwa ni mvumo mtupu, na bibi kwa mbali nyuma yake. Ndani ya kile kijidude mna koili inayonasa usumaku wa spika ya sikioni. Kwenye simu za mezani za zamani kilifanya kazi vizuri. Kwenye simu ya mkononi kinanasa na mawimbi ya simu yenyewe, hasa mtandao unaposhuka kuwa 2G, maana hapo simu hutuma kwa mapigo, kama mara 217 kwa sekunde. Ule mvumo unaousikia ndio hayo mapigo. Nikakirudisha. Nikaambiwa kifaa cha umeme kikishafunguliwa hakirudi. Kwani nilitakiwa nikijaribu kikiwa ndani ya boksi?

Tangu nilipolalamika hadharani nimeletewa malalamiko ya wenzangu, na karibu yote ni ya aina moja: "Mimi nasikika, yeye hasikiki." Kwa hiyo sitasema kitu juu ya ukubwa wa memori wala betri, hayo yameandikwa kwenye boksi. Ninalolitazama mimi ni moja: sauti zote mbili zikiingia kwenye faili moja, zinalingana? Kama sauti yako ni kubwa mara nane kuliko ya mwenzio, hakuna fundi atakayeziokoa zile sehemu mlizosema pamoja. Ukimpandisha yeye, na wewe unapanda naye.

Namba moja kwangu, na sioni haya kuipendelea, ni maiki ya sikioni ya Olympus TP-8 pamoja na kinasa sauti kidogo chenye tundu la maiki. (Tangu 2021 biashara ile imehamia kampuni nyingine na jina jipya ni OM System, kwa hiyo usishtuke ukikuta jina hilo.) Inafanana na kisikilizio, lakini haitoi sauti. Ni maiki tupu. Unaivaa sikio lile unaloweka simu, kisha unaweka simu juu yake kama kawaida. Sauti ya mwenzio inaingia kutoka spika ya simu, yako inaingia kwa hewa kutoka mdomoni. Raha yake ni kwamba haijali unapiga kwa nini. WhatsApp, imo, laini ya kawaida, simu ya kitochi, yote sawa, kwa sababu inasikia kile kile unachosikia wewe.

Kinasa chenyewe chagua unachokimudu. Mimi natumia Olympus, na Sony ICD-PX470 nayo ina tundu la maiki na inafaa. Ila kabla ya kulipa hesabu pete nyeusi kwenye plagi. Plagi ya maiki ya kinasa huwa na pete mbili. Plagi ya visikilizio vya simu ina tatu. Ukitaka kuitumia TP-8 na simu yako ya zamani badala ya kununua kinasa, utahitaji adapta ya kubadili pete mbili kuwa tatu, la sivyo simu itaendelea kutumia maiki yake ya ndani na wewe hutajua mpaka umalize. Kwenye kinasa nako, chomeka palipoandikwa MIC. Tundu la visikilizio liko karibu na linafanana nalo mno.

Nilivyofika kwenye sauti nzuri si siku ya kwanza. Jaribio la mwanzo na bibi lilikuwa la dakika mbili: nihesabu mimi moja hadi kumi, ahesabu yeye, kisha tuhesabu pamoja. Nikalifungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikatazama vilima vya mchoro wa sauti. Vyangu vilifika 0.8, vya bibi 0.1. Hiyo ndiyo mara nane niliyoisema, sawa na desibeli 18. Nikashusha unyeti wa maiki kwenye kinasa. Vyangu 0.4, vya bibi 0.05. Mara nane ile ile! Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia: unyeti wa kinasa unawapandisha na kuwashusha wote wawili kwa pamoja. Unazuia sauti isipasuke, basi. Uwiano unatoka kwenye vitu vitatu vilivyo nje ya kinasa, navyo ni sauti ya spika ya simu, mahali simu ilipokaa sikioni, na ukali wa sauti yako mwenyewe.

Nikaipandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho. Nikajizoesha kusema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto amelala chumba cha pili. Bado bibi alikuwa mdogo, na kila nikigeuza kichwa kulikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayepepeta mchele. Kilikuwa ni ushungi wangu. Naweka simu juu ya kitambaa kama tunavyofanya sote, na kitambaa kinasugua maiki na kumzuia bibi wa watu asiingie. Nikaupisha ushungi nyuma ya sikio, tundu la spika likakaa juu ya maiki sawasawa. Jaribio la nne: mimi 0.5, bibi 0.25. Nusu yangu, yaani desibeli 6 tu chini. Kipimo changu ni hicho. Akifika nusu ya kilima chako, utamsikiliza bila kuhangaika na kitufe cha sauti.

Kitu kimoja cha kuzima ndani ya kinasa: kujirekebisha kwenyewe, mara nyingi pameandikwa AUTO. Kinapokusikia unacheka kinajishusha, na bibi akianza kusema maneno yake mawili ya mwanzo yanakuja yamefifia kabla hakijapanda tena. Utaisikia rekodi kama inapumua. Na usitarajie miujiza. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa hiyo "s" na "f" za upande wa pili zinafanana. Bibi alisema alifagia au alisagia? Ilibidi nimpigie tena kumuuliza. Simu zikiwa zote kwenye 4G na mtandao unaruhusu, masafa yanafika 7,000 na tatizo hilo linapungua sana.

Ya pili ni kinasa kilichomo ndani ya simu yenyewe, kwenye kitufe cha kupigia. Kwa usafi kinaishinda TP-8, kwa kuwa sauti haipiti hewani kabisa. Mbona nimekishusha? Kwanza hukinunui, unabahatika nacho. Simu mbili za jina moja, moja ya soko hili na nyingine ya soko jingine, moja inacho na nyingine haina, na muuzaji atakuapia kuwa zote zinacho. Mwambie apige simu hapo hapo dukani, arekodi, akusikilizishe. Pili, mazungumzo ya WhatsApp na imo kwa kawaida hakiyagusi, na nusu ya jamaa zetu wako Maskati. Wenye iPhone wamepata cha kwao tangu iOS 18.1, mwaka 2024, na pande zote mbili zinasikia tangazo kwamba simu inarekodiwa.

Programu za kupakua Play Store zisikupotezee bando. Tangu Android 10 programu za nje zimefungiwa sauti ya upande wa pili, na Mei 2022 Google ikaziba na ule mlango wa nyuma waliokuwa wakiutumia. Nyingi zilizobaki zinakurekodi wewe na ukimya. Lauspika na simu ya pili pembeni ni bure, lakini simu ikiwa kwenye lauspika humnyamazisha mmoja mnaposema pamoja. Inatosha kwa ujumbe mfupi. Kama unatayarisha vipindi na una pesa za kutupa, Zoom PodTrak P4 ina tundu la simu na hurekodi kila upande peke yake. Bei yake niliyotajiwa mjini ilibadilika mara mbili nikiwa nimesimama pale pale, mara ya pili baada ya kuniona nimeshika funguo za gari. Gari la mume wa dada yangu, yakhe!

Sasa ridhaa, maana hapa ndipo watu wanapoingia matatani. Kurekodi simu ambayo wewe mwenyewe unazungumza ni jambo moja, na kunasa simu ya watu wengine ni jingine. Hilo la pili, kama kutega simu ya mume ukiwa huko jikoni, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika Bara na huku kwetu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, nayo inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Na ile rekodi ya simu yako mwenyewe, siku unayoitoa kwenda kwa wengine mambo yamebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatazama unachofanya na taarifa za mtu. Kama mwenzio yuko nje, tazama na sheria ya alipo: Ujerumani kumrekodi mtu bila ridhaa yake ni jinai, California wanataka wote wakubali.

Mimi naomba mara mbili. Kabla sijabonyeza, halafu tena baada ya kubonyeza, ili jibu liwemo ndani ya faili: "Bibi, nishaanza kurekodi, ni kwa ajili ya watoto wetu. Umeridhia?" Na namwambia itakwenda kwa nani, maana aliyeridhia wajukuu hajaridhia grupu la ukoo lenye watu mia mbili.

Dakika ya 41 ya rekodi yetu bibi alifika kwenye ndoa ya marehemu shangazi yake na shamba lililouzwa usiku. Akasita. "Hiyo usiitie humo." Nilimjibu nitaikata, na usiku ule ule nikaikata, dakika kumi na moja nzima, kwenye faili la kugawa na kwenye lile la asili. Binamu yangu bado ananipigia kuiulizia. Anadhani ninayo.