Ardhisasa na tovuti za mawakala wa ploti: jinsi ninavyozipima kabla ya kulipa

Ardhisasa, mfumo wa serikali ya Kenya wa huduma za ardhi mtandaoni, naipa alama nzuri, ila ina mipaka. Ilianza Aprili 2021 kwa Nairobi, na bado haijafika kila kaunti.

Kwanza anwani. Huduma yenyewe iko `ardhisasa.lands.go.ke`. Isome kutoka mwisho: kabla ya mkwaju `/` wa kwanza unaofuata `https://` lazima iishie na `.go.ke`, kwa sababu jina hilo hupewa taasisi za serikali tu. Anwani kama `ardhisasa.lands.go.ke.mfano.com` ni ya mwenye mfano.com, hata ikiwa na nembo ya taifa na picha ya kufuli. Kufuli huonyesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli pia hulipata bure. Ada za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222. Ukiambiwa utume ada ya utafiti wa umiliki wa ardhi kwa namba ya simu ya mtu, funga ukurasa.

Tovuti za kampuni za ploti ndizo ngumu, maana nyingi ni halali kabisa kama tovuti. Mimi huanza na umri:

```
whois mfano.co.ke
```

Tazama `Creation Date`. Kampuni inayojisifu kuuza mashamba kwa miaka kumi huku jina la tovuti likiwa na miezi mitatu inadaiwa maelezo. Kisha naomba jina kamili la kampuni na kuagiza CR12 kupitia eCitizen, inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa. Anayejiita wakala, mtafute pia kwenye orodha ya Estate Agents Registration Board.

Sasa unganisha majina. Tuseme tovuti inauza ploti Kajiado kwa jina la kampuni X. Omba namba ya hati, ufanye utafiti rasmi mwenyewe, kwenye Ardhisasa au kwenye masjala ya ardhi ya kaunti ikiwa hati hiyo haijaingizwa. Cheti cha utafiti alichokutumia muuzaji kwa WhatsApp usikihesabu; PDF hurekebishwa kwa dakika chache. Kwenye majibu, sehemu A inaeleza shamba na ukubwa wake, B inataja mmiliki, C inaonyesha rehani ya benki au pingamizi. Ikiwa B ina jina la mzee fulani wala si X, huenda X bado haijamaliza kumlipa, au shamba halijagawanywa na hati ndogo hazijatoka. Huo si lazima uwe utapeli, lakini hapo X haina ploti ya kukuhamishia. Dai mkataba wake na mzee huyo, wakili wako ausome, na zungumza na mzee mwenyewe.

Hata hati ikiwa safi, lete mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe vigingi. Utafiti hauonyeshi kama ploti uliyopelekwa kuona ndiyo yenye namba hiyo.