Mabano yangu mmeyapeleka wapi? Huduma ya kulipia ya kugeuza PDF kuwa Excel

Jina sitalitaja. Ni moja ya zile huduma za mtandaoni: unapakia PDF, unalipia kwa mwezi, unarudishiwa faili la Excel. Nimeitumia kwa ripoti za matumizi, na nawaambia mapema kwamba pesa yangu inaniuma.

Mstari mmoja unatosha kueleza. Kwenye PDF unasomeka hivi:

```
Mafuta ya dizeli 1,250,000 (75,500) 1,174,500
```

Ankara, punguzo, kilicholipwa. Mhasibu yeyote anajua namba iliyo ndani ya mabano ni hasi. Huduma hii imeyafuta mabano! Imeniletea 75,500 chanya, imetulia kwenye seli yake kama vile hakuna kilichotokea. Hilo si kosa la kurekebisha kwa fomula ya kusafisha, maana alama ikishapotea, seli yenyewe haina cha kuonyesha kwamba namba ilikuwa hasi. Nilipowaandikia, mtu wa huduma kwa wateja akajibu: "Namba zote zipo, angalia vizuri." Nimeangalia vizuri, ndugu yangu, ndiyo maana nimekuandikia.

Halafu hizo namba zenyewe hazikuwa namba. Zilikuwa zimeegemea kushoto mwa seli, na `SUM` ya safu nzima ilitoa 0, kwa sababu `SUM` huyaruka maandishi bila kulalamika. `TRIM` haikusaidia chochote. Chanzo ni ile nafasi ya aina ya pili ambayo PDF nyingi hubeba: kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini namba yake ya herufi ni 160, wakati ya kawaida ni 32, na `TRIM` inaijua 32 tu. Ukitaka kuibaini, andika `=UNICODE(RIGHT(B2,1))`. Ukipata 160, umemkamata.

Basi nikaiacha, nikarudi kunakili kwa mkono kutoka kwenye PDF. Usikimbilie `Text to Columns` na kukata kwa nafasi, maana "Mafuta ya dizeli" itatawanyika safu tatu na namba zitaanzia safu ya nne, huku mstari wa "Umeme" ukianzia ya pili. Bandika kwanza kwenye Notepad++, fungua `Replace`, chagua `Regular expression`, kisha utafute hii:

```
\h+(?=[(-]?\d)
```

Mahali pa kubadilishia weka `\t`. Maana yake: kila nafasi inayofuatwa na tarakimu, au na mabano au alama ya kutoa kisha tarakimu, igeuke tabo. Maneno yanabaki pamoja, namba zinaingia kila moja kwenye safu yake. Angalia tu majina yenye tarakimu ndani, kama "Gari 2", maana hayo nayo yatakatwa. Ukishabandika kwenye Excel, namba zilizogoma zisafishe kwenye safu ya pembeni:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160),""),"(","-"),")",""),".",",")
```

Hizo alama mbili za mwisho zinaiambia Excel kwamba nukta ni ya desimali na mkato ni wa maelfu. Ripoti iliyoandikwa kwa mtindo wa 1.250.000,50 zigeuze: mkato kwanza, nukta baadaye.

Hapo ningewapa nyota moja na kuondoka. Lakini kuna jambo linanilazimisha nilegeze kidogo. Ukinakili kwa mkono, seli tupu haipo. Mstari usio na punguzo unakuja na namba mbili badala ya tatu, na kilicholipwa kinateleza kushoto na kukaa kwenye punguzo. Huduma hii, kwa haki yake, inasoma mahali namba ilipokaa kwenye ukurasa, na seli tupu zote imeziacha tupu. Kwa ripoti yenye mapengo mengi na isiyo na hasi hata moja, ni nzuri kuliko mkono wangu. Haya, nyota tatu.

Ila ukisharudi kwenye mabano hasira inapanda tena, kwa sababu makosa yote mawili, mabano yaliyopotea na namba iliyoteleza, yanaonekana kwa fomula moja fupi ambayo wangeweza kuijaribu wenyewe kabla ya kumwambia mteja aangalie vizuri:

```
=IF(ROUND(B2+C2-D2,2)=0,"sawa","kagua")
```

Kwenye faili lao, maandishi yakishageuzwa namba, dizeli inatoa "kagua", kwa sababu 1,250,000 jumlisha 75,500 ni 1,325,500. Basi, nyota mbili. Na usajili wa mwezi ujao nimeshaufuta.