Aspirini hufyonzwa wapi: tumboni au utumboni?

Aspirini ni asidi dhaifu. pKa yake, yaani pH ambapo nusu yake huwa ioni, ni 3.5. Molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa seli kwa urahisi. Ioni, yaani molekuli iliyopoteza protoni, hupenya kwa taabu. Mgawanyo wao, A⁻ ikiwa ioni na HA molekuli nzima isiyo na chaji, tunaupata hapa:

pH = pKa + log([A⁻]/[HA])

Tumboni, tuseme pH ni 1.5. Log ni −2, basi kwa kila ioni moja kuna molekuli nzima 100. Kwenye utumbo mwembamba, pH 6.5, log ni 3: ioni 1,000 kwa molekuli moja nzima.

"Basi mwalimu, inafyonzwa tumboni," wanafunzi wangu hapa Wete hunijibu kila mwaka. Hapo huwapa vidonge viwili vilivyosagwa. Kimoja tunakitia kwenye maji ya ndimu badala ya tumbo, kingine kwenye maji ya magadi badala ya utumbo. Kwenye ndimu unga mweupe unatuama chini ya gilasi. Kwenye magadi povu linapanda, aspirini inayeyuka, unabaki ukungu wa wanga tu. Na kisichoyeyuka hakifyonzwi.

Ndiyo maana kwangu utumbo unashinda. Vinyweleo vyake, vijidole vidogo vya ukuta wake wa ndani, vinaufanya uso wake ufikie takriban mita za mraba 30, tumbo halifiki hata moja. Ile molekuli moja ikichukuliwa na damu, ioni nyingine hushika protoni papo hapo kujaza nafasi yake. Fomula hutaja mgawanyo tu, haijui eneo wala muda. Aliyemeza baada ya kushiba wali hungoja zaidi nafuu, kwa sababu tumbo linachelewa kumwaga.