Akiba ya Hija au harusi baada ya miaka miwili: uiweke wapi isipungue thamani?

Wengi huanza kwa kuuliza, "Wapi wanatoa faida kubwa?" Mimi huanza na swali jingine: gharama yenyewe utailipa kwa fedha gani? Mahema ya Mina, hoteli ya Makka na basi la kwenda Arafa hulipwa kwa riyali, na tangu 1986 riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile, riyali 3.75 kwa dola moja. Ukumbi wa harusi na chakula hulipwa kwa fedha ya nyumbani. Ndiyo maana chombo kinachoshika nafasi ya kwanza kwa mmoja si lazima kimfae mwingine.

Kwa anayekwenda Hija, nafasi ya kwanza naipa akaunti ya dola. Haikutajirishi, lakini inakukinga na hatari iliyo kubwa kuliko zote. Dola iliyokuwa ikiuzwa 100 ikifika 120, mwenye akiba ya fedha ya nyumbani atahitaji sehemu moja ya tano zaidi kwa safari ileile, na faida ya benki mara nyingi haifikii hapo. Nunua kila mwezi siku ya mshahara, usikae ukivizia bei ishuke. Kabla ya kufungua, uliza mambo mawili: tofauti kati ya bei yao ya kuuza na ya kununua dola, na kama wanaweza kumlipa wakala wa safari moja kwa moja. Ukizitoa noti halafu ukazibadilisha tena, umekatwa mara mbili.

Kuna jambo la kalenda linalowaponyoka watu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Hija ya mwaka wa pili huwahi kwa takribani siku 22. Wakala naye hutaka malipo miezi kadhaa kabla ya safari. Aliyejipangia awamu 24 hujikuta na awamu 18 au 20 tu, basi gawa gharama kwa 18. Kumbuka pia zaka. Kwa wanazuoni wengi, akiba iliyofika nisabu na kutimiza mwaka hutolewa asilimia 2.5 hata kama ni ya Hija. Ijumlishe kwenye hesabu tangu sasa.

Kwa harusi, ninaloliweka juu ni mfuko wa ukwasi, ule wa uwekezaji wa pamoja unaonunua dhamana fupi za serikali na amana za benki. Unaweka kidogo kidogo, na ukitaka kutoa unapata ndani ya siku chache. Anayejiepusha na riba atafute mfuko unaosimamiwa na bodi ya sharia. Huo pia naupa nafasi ya pili kwa Hija. Amana ya muda maalumu inafuata, kwa sharti kwamba iive kabla ya siku ya kulipa ukumbi, kwa kuwa ukiivunja mapema faida hupotea.

Lakini hata chombo kizuri hakitoshi peke yake. Chukua harusi ya 2,400, unaweka 100 kila mwezi, faida halisi baada ya kodi ni asilimia 7 kwa mwaka. Shilingi ya kwanza imekaa miaka miwili, ya mwisho haijakaa hata mwezi. Kwa wastani fedha yako imekaa mwaka mmoja tu. Utafikisha takribani 2,570. Bei za harusi zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, zimepanda kwa miaka yote miwili, na gharama imefika karibu 2,700. Umepungukiwa 130, ingawa faida yako ilizidi mfumuko. Dawa yake ni kuanza na 105 kila mwezi.

Dhahabu naiweka ya tatu, na ni kwa vipande au sarafu, si mapambo. Bangili ya karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6 hivi. Ukiinunua unalipia na ufundi. Ukirudi kuiuza, sonara anang'oa vijiwe, anaiweka kwenye mizani na kukulipa uzito wa madini tu. Hata dhahabu tupu huyumba: mwaka 2013 ilipoteza zaidi ya robo ya bei yake kwa dola. Pete za harusi ni habari nyingine. Hizo unazihitaji zenyewe, kwa hiyo kuzinunua mapema ni kinga kamili.

Hisa, hati fungani za miaka kumi na viwanja visikaribie akiba hii. Hati fungani ndefu huwahadaa watu kwa kuwa ni ya serikali. Riba za soko zikipanda, ukiiuza kabla haijaiva utapewa chini ya ulichotoa. Kiwanja nacho kinaweza kupanda bei vizuri, lakini mnunuzi akishajua wakala anakudai mwezi huu, bei ataitaja yeye.