eduroam kwenye simu ya Android: kilichonikwamisha si nenosiri

Simu yangu ya zamani ilikuwa inaingia eduroam, ile waifai ya pamoja ya vyuo, chuoni bila shida. Nilikuwa naweka PEAP, nambari ya usajili na nenosiri, halafu kwenye CA certificate nachagua Do not validate, kama tulivyoelekezwa na ofisi ya kompyuta siku ya kuripoti. Muhula huu nimebadilisha simu, na chaguo hilo halipo. Google walianza kuliondoa kwenye Android 11, mwisho wa 2020, ingawa baadhi ya watengenezaji wa simu waliliacha kwa muda.

Nilirudi ofisini. Kijana aliyekuwa zamu akaniambia, "Dada, weka Use system certificates, halafu kwa Domain andika ile ya imeili yako." Nikaandika `students.chuo.ac.ke` (nimeweka "chuo" mahali pa jina lenyewe). Simu ikazunguka, ikakatika, ikazunguka tena. Akasema basi nenosiri ndilo baya, nilibadilishe. Nilibadilisha mara mbili, na mara zote liliingia vizuri kwenye tovuti ya wanafunzi. Laiti ningejua mapema: nenosiri likikubaliwa kwenye tovuti na likataliwe na waifai, na jina umeandika sawasawa, tatizo huenda liko kwenye cheti, yaani kitambulisho ambacho seva ya chuo huionyesha simu.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa bweni mwenye iPhone. Ukiunganisha iPhone kwa mkono, kabla ya kuingia inakuonyesha cheti cha seva na kukuuliza kama unakiamini. Tulikaa kitandani kwake tukakisoma polepole. Jina la seva lilikuwa `radius.chuo.ac.ke`, na aliyetoa cheti ni chuo chenyewe.

Mistari hiyo miwili ilieleza kila kitu. Kisanduku cha Domain hakiulizi imeili yako; kinauliza jina la seva linapaswa kuishia na nini. `radius.chuo.ac.ke` haliishii na `students.chuo.ac.ke`, kwa hiyo simu ilikuwa na haki ya kukataa. Nilipoandika `chuo.ac.ke` peke yake, sehemu hiyo ilikuwa sawa, lakini bado haikuingia. Sababu ni ule mstari wa pili: Use system certificates humaanisha simu itaamini tu mashirika ya vyeti yaliyokuja nayo kutoka kiwandani, na chuo chetu hakimo humo kwa kuwa cheti chake kimejitengenezea chenyewe. Cheti cha namna hiyo lazima kiwekwe kwenye simu kwanza.

Kilichonimalizia kazi ni programu iitwayo geteduroam, ya bure kwenye Play Store. Nilibonyeza kwanza Forget kwenye ule mtandao nilioweka kwa mkono, nikawasha data yangu, nikatafuta jina la chuo, nikaweka nambari ya usajili pamoja na `@students.chuo.ac.ke` na nenosiri. Yenyewe ikaweka cheti na jina la seva. Haikuchukua dakika tatu. Inafanya kazi tu kama chuo chako kimesajili mipangilio yake huko. Kama jina halitokei, itabidi uombe ofisi faili la cheti na jina kamili la seva.

Faida nyingine niliiona nilipokwenda kusoma maktaba ya chuo kingine hapa mjini. Simu iliingia yenyewe nikiwa bado ngazini. Ile ya zamani haikuwahi kuingia huko, na sasa najua sababu: niliandika nambari ya usajili bila sehemu ya @, na ni sehemu hiyo inayoiambia seva ya chuo mwenyeji ombi lako lipelekwe chuo gani. Kwa Kenya, KENET, mtandao wa elimu wa nchi, ndio wanaounganisha vyuo kwenye eduroam.

Kinachoniudhi kweli ni ule ushauri wa Do not validate tuliopewa sote. Mtu yeyote anaweza kuwasha kifaa cha waifai pale Mtaa wa Tom Mboya akakiita eduroam. Simu isiyokagua cheti itajiunga ikiwa mfukoni, na mwenye kifaa atabaki na data ya kutosha kulivunja nenosiri lako kwa utulivu nyumbani kwake. Kwetu nenosiri hilo hilo ndilo linalofungua matokeo ya mtihani na akaunti ya karo. Kama simu yako bado iko hivyo, bonyeza Forget leo uiunganishe upya.

Usiifute geteduroam ukishaunganishwa ili kupata nafasi kwenye simu. Mimi nilifanya hivyo wiki ya pili na mtandao ukaondoka nayo. Ilibidi nianze tena na bando langu.