Mrija wa RGB kwenye lami iliyolowa: nimeujaribu Sinza usiku

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo niko na huu hapa. Mrija wa taa, sentimita 60, rangi zote, betri ndani, sumaku huku mwisho. Mengine yako kwenye boksi na mnayajua, sitawasomea. Nataka muone kitu kimoja tu ambacho kimenifanya nisirudi nyumbani mpaka saa nane usiku.

Nilikuwa na kazi ya tangazo. Mteja ana kinywaji chake cha tangawizi, chupa ya kioo, anataka kionekane kama kiko nje ya klabu, mvua imenyesha, taa za waridi na buluu zinawaka chini kwenye lami. Sasa mvua ya kuagiza hakuna. Vuli imekata wiki mbili, masika bado. Tukamwaga maji wenyewe: madumu sita ya lita 20, kipande cha kama mita tatu kwa sita. Mama mmoja anayeuza chipsi pale pembeni akatutazama weee, akaniita, "Mwanangu, hiyo lami unaimwagilia iote nini?" Nikamwambia shikamoo mama, inaota rangi, subiri uone.

Na ndipo nikaharibu. Nikasimamisha mrija pembeni yangu, huku huku kwenye kamera, nikauelekeza kwenye lami. Tazama hii vidio ya kwanza. Unaona nini? Lami nyeusi. Nyeusi tii! Taa iko asilimia 100, chini hakuna kitu. Nikadhani nimeuziwa kimeo.

Kumbe maji ni kioo, bana. Kioo hakimuliki, kinakuonyesha kilicho upande wa pili. Mwanga unaotoka upande wako unagonga maji unaendelea mbele, haurudi kwako. Kwa hiyo mrija unaupeleka kule ng'ambo, ukutazame wewe. Hii ya pili: dogo kaubandika kwa sumaku kwenye geti la chuma, wima, mita sita hivi kutoka kwenye kamera. Taa ile ile, na nimeishusha mpaka asilimia 20. Umeona huo mstari wa waridi unavyokuja mpaka miguuni?

Halafu urefu wa kamera, hapa naomba msiruke mbele. Dogo, weka ile ya kusimama. Kamera iko mita moja na nusu, natazama lami ya mita tatu mbele. Kwa mteremko huo maji yanarudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga. Sasa ile ya chini: kamera iko sentimita 30, mahali pale pale. Karibu nusu ya mwanga inarudi! Hatujaongeza taa, hatujagusa ISO, tumepiga magoti tu. Ukitazama maji kutoka juu wima inarudi asilimia 2 hivi, ndiyo maana wanaopiga wamesimama wanalalamika rangi haitoki.

Na msiniulize kwa nini ni mstari na siyo picha ya mrija. Lami ina vipunje, kila kipunje kilicholowa kinakurudishia kipande chake, vipande vinapangana kuja kwako. Kwenye dimbwi lililotulia utaona mrija kamili, umesimama kichwa chini. Mimi napenda vyote viwili kwenye fremu moja: dimbwi chini ya chupa, lami ya kawaida nyuma yake.

Hapo hapo niwaseme wale wa kuchukua picha ya mtaa wa mvua mtandaoni halafu wanapachika chupa juu. Wadau, chupa ikisimama kwenye maji, taswira yake inaanzia pale pale kitako kinapogusa. Ukiacha uwazi hata kidogo, chupa inaelea. Na kama nyuma kuna taa ya waridi, ukingo wa chupa lazima uwe na waridi. Mteja hajui kukuelezea kasoro, atasema tu "haijakaa sawa", na hela ya mwisho hakupi.

Kuna mwenzetu wa chaneli nyingine, namheshimu, alisema ufunge kichujio cha polaraiza ili rangi zikolee. Mchana, kwenye majani na anga, sawa. Hapa kinakula mng'ao wa majini, yaani kile kile ulichobebea madumu. Kitoe.

Sasa rangi. Ukiona katikati ya mrija ni peupe na waridi iko pembeni tu, umezidisha mwanga. Shusha mpaka katikati pawe na rangi, ndipo uongeze ISO kidogo ili uone lami. Mimi niliishia kwenye shata 1/50, f/2.8, ISO 1600.

Ila huu mrija una ujinga wake, na ndio ulionichefua. Ukiushusha chini ya asilimia 10 haupunguzi mwanga kweli, unawaka na kuzima haraka haraka. Kwa shata 1/50 huoni huko kuzima. Nikataka tone la maji lidondoke polepole kutoka shingoni mwa chupa, fremu 100 kwa sekunde, shata 1/200. Angalia. Mikanda myeusi inapanda kwenye geti kama ngazi. Tone zuri, vidio ya kutupa. Ilibidi niurudishe asilimia 40, niusogeze nyuma mita tatu zaidi. Na mabango ya maduka pale nyuma nayo yana lao: umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo bakini kwenye 1/50 au 1/100. Simu ikiachwa yenyewe inaweza kukaa kwenye 1/60, hapo mabango yanapepesa.

Kingine, mvua yenyewe. Tulinyunyiza kwa bomba, mrija huu hauionyeshi. Mvua inaonekana ikimulikwa kwa nyuma, na kwa nguvu, huu unaishia mita moja tu. Aliyetuokoa ni braza wa Bajaji aliyekuwa anasubiri abiria. Nikamwomba ageuze, awashe taa ya mbele, tukaikinga nyuma ya chupa ili isionekane. Mistari ya mvua ikatoka yote! Nilimlipa elfu tano, na ndiyo hela niliyotumia vizuri kuliko zote usiku ule.

Ah, kabla sijasahau, Alhamisi nitakuwa mubashara, tutaongelea matone ya kwenye chupa: gliserini na maji nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Yale matone mliyoona kwenye picha ya jalada ni hayo, yalikaa saa mbili bila kuteremka. Kama hujasabskraibu, fanya hivyo.

Bei. Nimeuchukua Kariakoo kwa 185,000, alianza na laki mbili na ishirini. Mwanzo wa vidio nilikuwa nimeandika niseme ununue miwili. Kwa ile mikanda, hapana. Nunua mmoja, inayobaki katafute taa yenye nguvu ya nyuma, maana Bajaji haitakuwepo kila siku. Na boksi linasema IPX4, hiyo ni kurushiwa maji tu, siyo kulala dimbwini. Wangu niliulaza dakika kumi kupata ule mstari wa buluu wa chini kabisa, na sasa... ngoja niwashe... nyekundu ipo, kijani ipo, buluu... mmeona? Buluu haiji. Nimeuweka juani tangu asubuhi, ikirudi nitawaandikia pale chini.