Nimezima Windows, kumbe haijazimika, na fundi akataka kunifomatia diski

Sijui hasira hizi nizimalizie wapi, kwa Windows au kwa fundi mmoja wa hapa mjini Moshi aliyetaka kunifutia kipaimara kizima cha mtoto wa watu. Ngoja nieleze, mtaamua wenyewe.

Mimi nahariri video za sherehe. Laptopu yangu ina mifumo miwili: Windows kwa ajili ya programu ya kuhariri niliyoizoea, na Linux Mint kwa mambo mengine yote. Kazi za wateja ziko kwenye patisheni moja inayofunguka kote kuwili. Upande wa Windows ni D, upande wa Linux ni `/dev/sda4`. Mambo yalikwenda hivyo muda mrefu bila neno, mpaka majuzi nilipowekewa Windows upya, ambayo ilikuja na mipangilio yake ya kiwandani.

Jioni moja nikamaliza kukata video, nikabofya `Shut down`. Skrini ikawa giza, feni ikanyamaza. Baadaye nikawasha, nikaingia Linux ili nimtumie mama wa mtoto vipande viwili vitatu aonje. Nabofya patisheni, inanijibu hivi:

```
wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sda4,
missing codepage or helper program, or other error
```

Ukisoma `bad superblock` huku mteja ameshalipa nusu ya hela na anakupigia kutoka Kiboriloni kila saa, moyo unakwenda mbio. Nikarudi Windows, D ikafunguka kama kawaida, video zote zipo. Nikazima, nikaingia Linux, imekataa tena. Hapo nikabeba laptopu kwenda kwa fundi.

Duka silitaji. Nikamsalimia, "Habari za kazi, kaka," akaitikia macho yakiwa kwenye simu. Nikamwonyesha ujumbe. Hakugusa hata kibodi.

"Dada, hiyo diski imekufa. Tufomati, au ununue nyingine."

"Mbona Windows inaifungua vizuri?"

"Ndo zinavyoanzaga. Na hizo Linux zenu ndo zinaua diski. Toa hiyo kitu."

Nikamwomba basi aangalie kwanza kabla ya kufomati, kuna kazi ya mtu mle ndani. Akacheka, akamgeukia mwenzake, "Wanadownlodi vitu vya mtandaoni halafu wanatuletea sisi." Kisha akadai elfu kumi ya kuangalia. Kuangalia nini, wakati hakuangalia? Nikalipa ili nitoke pale.

Nyumbani nikafungua teminali. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba jibu lilikuwa mbali kwa mstari mmoja tu. Ule ujumbe wa kwanza ni wa jumla, amri ya `mount` huutoa ikikwama kwa sababu nyingi tofauti, na maneno ya mwisho yanakwambia wazi kwamba huenda ni kitu kingine kabisa. Sababu yenyewe kerneli huiandika kwenye kumbukumbu zake. Ukiandika `sudo dmesg | tail` unaikuta:

```
ntfs3: sda4: volume is dirty and "force" flag is not set!
```

Hapo hakuna diski iliyokufa. Diski inayokufa hukujazia kumbukumbu hizo mistari ya `I/O error`, na haichagui siku. Yangu ilikuwa inachagua: nikitoka Windows kwa `Restart` patisheni inafunguka Linux, nikitoka kwa `Shut down` inakataa. Ukiiona tabia hiyo kwenye mashine yako, weka pochi mfukoni, tatizo ni namna Windows ilivyolala. Nikajaribu kuifungua kwa dereva ya zamani, `ntfs-3g`, maana yenyewe huongea kwa kirefu:

```
sudo mount -t ntfs-3g /dev/sda4 /mnt
```

Ikaniambia `Metadata kept in Windows cache, refused to mount`, kisha ikafungua patisheni kwa kusoma tu, na kunishauri niamshe Windows niizime kikamilifu. Kwa kusoma tu inatosha kunakili faili. Vipande vya yule mama vikaenda usiku uleule.

Sasa chanzo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa fast startup. Ukibofya `Shut down`, Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini chake hakifungwi. Kinaandikwa chote kwenye faili `hiberfil.sys` lililoko C, halafu umeme unakatwa. Ukiwasha, kinasomwa kutoka pale na kuendelea kilipoishia, ndiyo maana kompyuta inawaka haraka. `Restart` yenyewe haifanyi hivyo, inafunga kila kitu na kuanza upya.

Ubaya ni kwamba kiini kilicholala kinaondoka na kumbukumbu ya patisheni zake zote, D ikiwemo, hata kama `hiberfil.sys` iko C peke yake. Ni kama mwenye duka aliyelala na daftari la mali chini ya mto: wewe ukiingia usiku ukapanga mzigo mpya kwenye shelfu, asubuhi anaamka, anafuata daftari lake, na palipoandikwa patupu anaweka vyake juu ya vyako. Kwenye diski maana yake ni hii: Linux ingeandika faili jipya mahali ambapo Windows bado inaamini pako wazi, na Windows ikiamka inaandika juu yake. Unakuta folda tupu, video isiyofunguka, au `chkdsk` inakimbia yenyewe kabla hujaona hata dawati.

Kwa hiyo niliyekuwa namlaani, yaani Linux, ndiye aliyenilindia kazi. Aliniambia kwa lugha mbaya, hilo sitalisamehe haraka, lakini kukataa kwake kulikuwa sahihi.

Na hapa nawasihi wenzangu, maana ukitafuta tatizo hili utakutana na watu wa njia za mkato. Mmoja atakwambia ulazimishe kwa `force`. Mwingine atakupa `ntfsfix -d`. Ile haikarabati kama jina linavyodai, inarekebisha vitu vichache na kufuta alama ya uchafu ili patisheni ikubali kufunguka. Ukifanya hivyo wakati Windows imelala, umeondoa onyo na hatari umeiacha palepale. Wa tatu atakupa `remove_hiberfile`. Hiyo inafuta kile kilicholazwa, na kama ulikuwa umehaibaneti kweli, yaani umeilaza mashine bila kufunga programu, ukiwa na kazi hujaisevu, imekwenda. Tena ukiielekeza kwenye D haisaidii, kwa kuwa faili lenyewe haliko D. Mimi naiona ni ya mtu ambaye Windows yake imegoma kabisa kuwaka na hana njia nyingine.

Njia salama haina ushujaa wowote. Unaingia Windows, unaiacha iamke, halafu unabofya `Restart`, na menyu ya kuchagua mfumo ikitokea unachagua Linux. Nilifanya hivyo, D ikafunguka kwa kusoma na kuandika bila amri yoyote. Ila hiyo ni ya mara moja. Kesho ukizima kwa mazoea, umerudi kulekule.

Ya kudumu iko kwenye `Control Panel`, `Power Options`, halafu `Choose what the power buttons do`. Kile kiboksi utakikuta kimefifia, hakibonyezeki, mpaka ubofye kwanza `Change settings that are currently unavailable` hapo juu. Ndipo unatoa tiki kwenye `Turn on fast startup`, na pembeni yake wameandika `recommended`, wanakupendekezea kitu ambacho hawakukuuliza. Bofya `Save changes`, kisha zima. Mara ya kwanza mimi nilizima kwa amri kwenye Command Prompt ili niwe na uhakika, kwa kuwa amri hii huzima kikamilifu:

```
shutdown /s /t 0
```

Nilichagua kiboksi makusudi badala ya njia kali zaidi, kwa sababu kiboksi kinakuachia uwezo wa kuhaibaneti mwenyewe ukitaka. Umeme ukikatika na bateri iko ukingoni, kuhaibaneti kunaokoa kazi. Sharti ni moja, ukihaibaneti usiende kuandika chochote kwenye D kutoka Linux mpaka Windows iamke na kufungwa vizuri.

Hapo nilikuwa tayari kuisamehe Windows. Kusema kweli fast startup si ujinga. Mwenye diski ya kuzunguka na mfumo mmoja tu inamsaidia, na hatakaa ajue yote haya. Nilishaanza hata kusema kosa lote ni la yule kijana wa dukani, ambaye kazi yake ni kusoma ujumbe na hakuusoma.

Halafu ikaja apdeti kubwa. Ilipomaliza, nikazima, nikaingia Linux, patisheni ikakataa kwa maneno yaleyale. Nikarudi kuangalia kiboksi: tiki imerudi! Hakuna aliyeniuliza, hakuna ujumbe. Mashine ni yangu, nimeinunua kwa hela ya kushinda mguu sawa kwenye kumbi za watu, halafu mtu anairudishia mipangilio anayoitaka yeye.

Basi nikaenda kwenye njia kali. Bofya kulia Command Prompt, uifungue kama msimamizi, andika:

```
powercfg /h off
```

Hii inaondoa haibaneti yote, na fast startup haina tena pa kusimamia. `hiberfil.sys` inafutika na nafasi inarudi. Kwa kawaida faili hilo hukalia kama asilimia 40 ya ramu, na mwenye ramu ya GB 8 atarudishiwa kama GB 3 kwenye C. Ukitaka kuhakikisha, andika `powercfg /a`, utaiona `Fast Startup` kwenye orodha ya visivyopatikana. Ukibadili mawazo, `powercfg /h on` inarudisha. Nilichopoteza ni kule kuhaibaneti umeme ukikatika, kwa hiyo sasa nasevu kila baada ya kipande, na Windows inachelewa kidogo kuwaka.

Inaenda vizuri, nadhani. Lakini hivi naandika, pembeni ya skrini kuna apdeti nyingine inaomba nirestati. Ikimaliza nitaanza na `powercfg /a` kabla sijagusa Linux.